Mabosi watatu wanataka kazi Jumatano hiyo hiyo: ukatae kwa njia ipi?

Hii naiandika hasa kwa wahasibu wa kampuni ndogo na za kati, zile ambazo mhasibu ni wewe peke yako au una msaidizi mmoja tu, na kila mwenye cheo pale ofisini anajiona ana haki ya kukutuma. Kwenye mkataba imeandikwa unaripoti kwa mhasibu mkuu, sawa, lakini mkurugenzi akikupigia simu huwezi kumwambia apitie kwa mhasibu mkuu kwanza, na meneja wa operesheni naye anakuja mpaka mezani anasimama pembeni hapo na daftari lake mpaka umsikilize. Watu wengi wakiuliza "nikatae vipi" wanaambiwa jifunze kusema hapana basi, kama vile hapana ni ya aina moja. Zipo hapana za aina nyingi na kila moja ina mahali pake, sasa nazilinganisha kwa kesi moja ili uone ipi inakufaa wewe.

Kesi yenyewe ni hii. Kampuni ya malori Dar, leo Jumatatu tarehe 16. Mhasibu mkuu anataka ritani ya VAT ya mwezi uliopita iwe tayari Jumatano, japo kwa TRA mwisho ni tarehe 20 (Kenya nako ni 20, kwahiyo wenzetu wa huko mnaijua hii wiki ilivyo). Mkurugenzi ameongea na benki kuhusu mkopo, anataka makadirio ya fedha inayoingia na kutoka kwa miezi 12 na amesema Jumatano yawe mezani kwake. Meneja wa operesheni anataka gharama za kila lori, yako 14, safari zote za Tunduma za robo mwaka iliyopita, na yeye pia amesema Jumatano. Na hapa ndo penye shida yenyewe: hakuna hata mmoja kati yao anayejua mwenzake kakutuma nini. Kila mmoja anaona amekupa kazi moja tu na siku tatu za kuifanya, akikuta haijaisha anashangaa kabisa kwa haki yake.

Kabla hujachagua njia yoyote piga hesabu ya masaa, mana bila hiyo hesabu hapana yako itasikika kama malalamiko tu. Unaingia saa mbili unatoka saa kumi na moja, ukitoa saa ya chakula umebaki na masaa 8. Masaa mawili kila siku yanaliwa na kazi ambazo huwezi kuzikwepa, malipo ya mafuta, pesa ndogo ndogo za madereva, simu za wateja wanaodai invoisi, kwahiyo una masaa 6 ya kazi kubwa kwa siku, 30 kwa wiki. VAT imebakiza masaa 12 hivi kwasababu kuna risiti za manunuzi hazijalinganishwa na zingine hazina EFD inabidi ufuatilie kwa muuzaji. Ya benki ni masaa 14. Ya malori ni 12. Jumla 38. Mpaka Jumatano jioni una masaa 18 tu. Hapo sasa hata mtu asiyekupenda hawezi kusema wewe ni mvivu.

Njia ya kwanza: "sawa bosi" kwa wote halafu ujue mwenyewe

Nimeiweka kwasababu ndiyo wengi tunaitumia, na inaonekana ya heshima. Unakubali kwa wote watatu, unaanza kurukaruka, asubuhi malori mchana benki, jioni unafungua ritani, na mshika mbili moja humponyoka sembuse tatu. Ubaya wake mkubwa sio uchovu, ni kwamba umechukua uamuzi ambao haukuwa wako. Kazi moja lazima itachelewa, na kama hukumwambia mtu yeyote basi wewe ndiye uliyechagua ichelewe ipi, na lawama yote inakuwa yako. Na kwa kawaida inayochelewa ni ile ya bosi mpole, ambayo kwenye kesi hii ni VAT ya mhasibu mkuu, yani ndo pekee kati ya zote tatu ambayo ikichelewa kuna adhabu ya serikali. Utajua umeingia kwenye njia hii ukijikuta Jumanne jioni una mafaili matatu yamefunguliwa na hakuna hata moja lililofika nusu. Sioni mazingira ambayo ningemshauri mtu aitumie.

Njia ya pili: "hapana, siwezi" ya moja kwa moja

Kuna watu wanaisifia sana hii. Mimi nasema ina kazi mbili tu. Ya kwanza ni unapoombwa kitu ambacho hakitakiwi kufanyika kabisa, mfano unaambiwa uingize kwenye ritani manunuzi yasiyo na risiti halali ili VAT ya kulipa ipungue. Hapo husemi sina muda, mana ukisema huna muda ataambiwa mwenzio aifanye au utasubiriwa upate muda. Sema haiwezekani, taja sababu, iandike kwenye imeili. Ya pili ni kazi ambayo sio yako kabisa na mwenyewe yupo, kama kumtafutia dereva fundi wa gari.

Nje ya hapo ni hatari, hasa kwa Tanzania. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, lile Tangazo la Serikali namba 42, zinataja ukaidi mkubwa kama moja ya makosa yanayoweza kuhalalisha mtu kuachishwa kazi. Simaanishi ukisema hapana mara moja unafukuzwa, hapana, lakini kama agizo ni halali na liko ndani ya kazi zako, na kilichobaki kwenye maandishi ni "nimekataa", umempa mtu karatasi ya kutumia dhidi yako siku mkikosana. Na kwa desturi zetu mkurugenzi mwenye umri wa baba yako ukimjibu siwezi, nukta, hata kama una haki atasikia dharau, hatasikia masaa.

Njia ya tatu: kumpa bosi mmoja chaguo

Hapa hukatai kazi, unamwonyesha bei yake. Unamwambia hii naweza kuifanya, lakini nikiifanya sasa ile nyingine inasogea mpaka siku fulani, nichague ipi? Nguvu yake iko kwenye maneno mawili, siku na jina la kazi. "Nina mambo mengi" haisaidii, kila mtu ana mambo mengi. "Nikianza ya malori leo, ritani itaingia tarehe 20 jioni badala ya asubuhi" hiyo inaeleweka.

Lakini kabla ya kutoa chaguo uliza kwanza kitu kimoja, kazi hii inaenda wapi na itatumika lini hasa. Kwenye kesi yetu ukimuuliza mkurugenzi kwa adabu, "Shikamoo mzee, benki mnakutana lini ili nijue ikufikie na muda wa kuipitia?" unakuta kikao ni Alhamisi saa nne, yani Jumatano saa tano inamtosha kabisa. Meneja wa operesheni naye ukimuuliza "Mkuu hizi gharama unazipeleka wapi?" unakuta kuna mteja anataka bei ya mzigo wa Tunduma na amemuahidi ataitoa Ijumaa jioni. Sasa bei ya mteja haihitaji malori 14 ya robo mwaka nzima. Inahitaji wastani wa safari moja, mafuta, posho ya dereva, matairi na matengenezo, kwa mwezi uliopita tu. Hiyo ni kazi ya masaa 3. Zile 9 zilizobaki zinaweza kwenda wiki ijayo bila mtu kuumia.

Hii ni hapana ambayo wengi hawaijui, kukataa ukubwa wa kazi bila kumkataa aliyeileta. Meneja anaondoka na anachokihitaji, na wewe umeondoa robo tatu ya mzigo. Ujumbe wenyewe unaweza kuwa mfupi tu:

"Mkuu, wastani wa safari ya Tunduma nakupa Ijumaa saa tisa alasiri, mafuta, posho na matengenezo ya mwezi uliopita, utoshe kutoa bei. Lori moja moja kwa robo nzima naanza Jumatatu, unapata Jumanne jioni. Kama Ijumaa saa tisa haikufai niambie leo."

Angalia kwamba neno hapana halipo humo na bado umekataa masaa 9 ya wiki hii. Hiyo sentensi ya mwisho usiiache, mana inampa nafasi ya kupinga leo wakati bado unaweza kupanga upya, asije kupinga Ijumaa.

Udhaifu wa njia ya tatu ni huu. Inafanya kazi vizuri sana pale ambapo kazi zinazogongana zote ni za bosi mmoja, au pale ambapo ukiuliza vizuri mgongano unajiondoa wenyewe kama hapo juu. Ila kama mkurugenzi angesema hapana mimi nataka Jumanne jioni, na meneja akakaza na yeye, hapo ukiendelea kumpa kila mmoja chaguo peke yake kila mmoja atachagua yake. Nani atachagua ya mwenzake? Utatoka kwa mmoja na jibu "anza na yangu" na kwa mwingine jibu hilo hilo, na sasa umekuwa na maagizo mawili yanayopingana badala ya maombi mawili, yani umejiongezea tatizo.

Njia ya nne: kuwakutanisha waamue wenyewe

Ujumbe mmoja, wote watatu ndani, kazi zote tatu zimeandikwa na masaa yake, na mpangilio unaoupendekeza wewe. Wanaamua wao. Watu wanaiogopa wakidhani ni kushtaki, na ukiiandika vibaya ni kweli inakuwa kushtaki. Tofauti iko kwenye vitu vidogo.

Cha kwanza, anza na bosi wako wa kwenye mkataba, mhasibu mkuu, ana kwa ana kabla hujatuma chochote. "Mama, nina kazi tatu na masaa hayatoshi, naomba nikuonyeshe kabla sijawaandikia wengine." Mara nyingi ataimaliza yeye kwa simu moja na hutalazimika kuandika kabisa. Na akiikuta kwenye ujumbe bila kujua, tena mkurugenzi yuko humo, atajisikia umemvua nguo, na huyo ndiye anayejaza fomu yako ya tathmini mwisho wa mwaka.

Cha pili, usiandike nani kasema nini. Usiandike "mkurugenzi kasema ya kwake ndo muhimu". Andika kazi, masaa, siku. Cha tatu, weka pendekezo. Ukiwapelekea tatizo tupu watakaa nalo siku mbili, ukiwapelekea mpangilio watajibu sawa au watabadilisha mstari mmoja. Kwa kesi yetu ningeandika hivi:

"Habari za asubuhi wakuu. Wiki hii nina kazi tatu kubwa, jumla masaa 38, na masaa niliyonayo baada ya malipo ya kila siku ni 30. Napendekeza hivi: makadirio ya benki yaishe Jumatano saa tano. Ritani ya VAT nianze Jumatano hiyo hiyo, iingie Ijumaa kabla ya saa sita, mwisho wa TRA ni siku hiyo. Wastani wa gharama ya Tunduma Ijumaa saa tisa, na ripoti kamili ya malori Jumanne tarehe 24 jioni. Naomba mnithibitishie au mnibadilishie mpangilio leo kabla ya saa nane mchana. Kazi ya benki naianza sasa hivi."

Hesabu inakubali, unaweza kuihakiki. Benki inakula masaa 6 ya Jumatatu, 6 ya Jumanne na 2 ya Jumatano. VAT inachukua 4 zilizobaki za Jumatano, 6 za Alhamisi na 2 za Ijumaa. Baada ya hapo una masaa 4 Ijumaa, wastani wa Tunduma unataka 3, umebaki na saa moja ya dharura ambayo kwa vyovyote itatumika. Mimi binafsi kuingiza ritani siku ya mwisho kunanipa wasiwasi, mana siku hizo mtandao unasumbua na kila mtu nchi nzima yuko humo, kwahiyo kama mhasibu mkuu atasema VAT itangulie na mkurugenzi apate ya benki Jumatano jioni kwa masaa mawili matatu ya ziada kila siku, ningekubali haraka sana. Ila huo ni uamuzi wao wawili, na uzuri wa ule ujumbe ni kwamba sasa wanaweza kuufanya.

Ya tatu na ya nne zikiwekwa pamoja

Kwa haraka, ya tatu inashinda. Dakika tano umemaliza, hakuna kikao, hakuna mtu kushtuka. Kwa heshima pia inashinda, mana bosi anaona umemjia yeye peke yake na hakuna aliyeshuhudia akipunguziwa kazi. Mabosi wengi hawachukii kukataliwa kama wanavyochukia kukataliwa mbele ya wenzao.

Kwa lawama, ya nne inashinda mbali kabisa. Ukishakuwa na "sawa" ya watu watatu kwenye ujumbe mmoja, siku meneja akisema kwanini ripoti ya malori haijakamilika jibu lipo na hata huhitaji kulitoa, anakumbuka mwenyewe. Kwa njia ya tatu una ahadi tofauti tofauti kwenye simu na wasap za watu tofauti, na mkurugenzi akibadili mawazo meneja hajui.

Halafu kuna swali la mara ngapi. Ya tatu unaweza kuitumia kila siku na watu wakakuona mtu wa mpangilio. Ya nne ukiitumia kila wiki utachokwa, wataanza kusema huyu hawezi kujiamulia kitu. Ninavyoona mimi, ya tatu iwe ya kawaida yako, na ya nne uitoe pale tu mambo mawili yanapokutana: kazi ni za mabosi tofauti, na umeshauliza itatumika lini wakakaza wote. Kama mmoja wao amelegea, huihitaji.

Na kama unaona unalazimika kutoa ya nne kila mwezi tarehe zile zile, tarehe 7 kwa PAYE na 20 kwa VAT, hapo tatizo sio namna unavyokataa, ni kwamba hakuna mlango mmoja wa kazi kuingilia. Ongea na mhasibu mkuu kipindi kimetulia, sio tarehe 18, muombe kuanzia sasa kazi yoyote inayozidi masaa mawili ipitie kwake. Kwenye kampuni ya familia hii hudumu mpaka mkurugenzi atakapokupigia tena mwenyewe, kwahiyo usiitegemee peke yake, lakini angalau meneja wa operesheni na wa mauzo wataizoea.

Kuhusu "si ubaki jioni umalizie"

Hili litakuja, jiandae nalo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka masaa 45 ya kawaida kwa wiki, 9 kwa siku, na overtaimu ni kwa makubaliano, isizidi masaa 50 kwa kila wiki nne, na siku moja isizidi masaa 12 kwa ujumla. Malipo yake ni si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa saa. Hayo hayamhusu mtu anayesimamia wafanyakazi wengine na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu, kwahiyo kama una cheo cha hivyo angalia kwanza. Ila hata ukiiacha sheria pembeni, irudie ile hesabu: mmepungukiwa masaa 8, jioni nne za masaa mawili mawili zinayaziba kwa wiki nzima, lakini kwa Jumatano haziwezi, mana zilitakiwa 38 mpaka siku hiyo na una 18. Overtaimu inaongeza masaa, haisogezi tarehe. Ukikubali kubaki, sema unabaki kwa kazi gani na mpaka siku gani, la sivyo watatu wote watadhani jioni hizo ni zao.

Wakikaa kimya

Hii hutokea zaidi ya kukataliwa. Umetuma ujumbe wa njia ya nne, wamesoma, alama za bluu zipo, hakuna aliyejibu na saa nane imepita. Usikae kusubiri na usirudi njia ya kwanza. Nenda kwa mhasibu mkuu, mwambie kwa mdomo unaanza kwa mpangilio ulioutuma, kisha andika mstari mmoja chini ya ujumbe ule ule: "Naendelea na mpangilio huu, ya benki imefika theluthi moja." Na Jumanne jioni andika tena umefika wapi. Bosi ambaye hakujibu Jumatatu akija Jumatano na hasira, msikilize mpaka amalize, halafu muulize swali moja tu, kati ya hizi mbili zilizobaki ipi nisogeze ili ya kwako iingie leo, na umwombe alijibu pale pale kwenye ule ujumbe ambao wenzake nao wanauona.